Taa ya mafuta ikiwaka, una kilomita ngapi mkononi?

Kama una gari, au kama kila asubuhi hubebwa na mwenye gari, bila shaka unaijua ile taa ndogo ya rangi ya manjano yenye picha ya pampu ya kituo cha petroli. Huwaka kimya kimya kwenye dashibodi, mara nyingi siku ambayo mfuko umetoboka. Papo hapo huzuka mjadala ndani ya gari. Mmoja atasema mafuta yaliyobaki yanatosha kufika Nairobi na kurudi. Mwingine ataapa kwamba binamu yake aliwahi kuendesha siku nne na taa ikiwaka. Wa tatu, kwa kawaida mama wa nyumba, atauliza swali la maana zaidi: "Na tukikwama hapo kati?"

Leo nataka tulijibu swali hilo kwa hesabu, na hesabu yenyewe naitoa kwa jirani yangu hapa Ruiru. Yeye ni karani katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda Thika. Ana gari dogo la Kijapani lililoingia nchini likiwa limetumika, lenye tangi la lita 42. Kutoka nyumbani kwake hadi langoni mwa kiwanda ni kilomita kama 20. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita 40 kwa siku, ukiacha zile za kupitia sokoni.

Jirani yangu ana mazoea ambayo wengi wetu tunayo. Kama ujuavyo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, nazo huanza kutumika usiku wa manane kuamkia tarehe 15. Basi kila tarehe hiyo ikikaribia na fununu zikawa bei itashuka, bwana huyu hafungui kifuniko cha tangi. Husubiri.

Mwezi mmoja taa iliwaka jioni ya tarehe 12, akiwa anapita Juja kurudi nyumbani. Akajiambia, "Siku mbili si kitu." Jioni hiyo alikuwa na kilomita 10 za kufika Ruiru. Tarehe 13 alikwenda kazini na kurudi, na jioni akampitisha mkewe dukani. Jumla kilomita 44. Asubuhi ya tarehe 14 aliondoka kama kawaida, akapita Juja, akavuka mto Ndarugo, na alipoanza kupanda ng'ambo ya pili injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Alikuwa ametembea kilomita kama 14 tangu atoke nyumbani.

Hebu tujumlishe. Kumi, na 44, na 14, ni kilomita 68. Gari lake katika mchanganyiko wa barabara kuu na msongamano hula lita moja kwa kila kilomita 12 hivi. Gawanya 68 kwa 12, utapata lita 5 na nukta 7. Hiyo ndiyo akiba aliyokuwa nayo taa ilipowaka. Haikuwa miujiza, wala hakuna aliyemloga. Mafuta yaliisha pale pale yalipotakiwa kuisha.

Hakuna tangi la pili

Neno "rizavu" ndilo linalotupotosha. Wazee waliowahi kuendesha pikipiki, na vijana wetu wa boda boda hadi leo, wanajua rizavu ni nini. Kwenye pikipiki nyingi za kabureta kuna bomba lenye kishikio chini ya tangi. Injini ikianza kukosa mafuta, dereva huinama, hugeuza kishikio, na mafuta yaliyokuwa yamezuiwa chini ya tangi huanza kutoka. Hapo mtu ana haki ya kusema ana akiba, kwa sababu kweli ilikuwa imefungiwa mahali pake.

Gari lako halina kitu kama hicho. Tangi ni lile lile moja. Ndani yake kuna boya dogo lililofungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakishuka boya hushuka nalo, na mkono ule hubadilisha kiasi cha umeme unaofika kwenye geji. Boya likifika kiwango fulani cha chini, taa huwaka. Basi. Taa haifungui chochote wala haifungi chochote. Inakuambia tu kwamba boya limekaribia sakafu.

Kiwango hicho huchaguliwa na mtengenezaji, nacho hutofautiana kati ya gari na gari. Katika magari mengi madogo, taa huwaka mafuta yakiwa yamebaki kama asilimia 10 hadi 15 ya tangi. Kwa tangi la lita 42, hiyo ni kati ya lita 4 na lita 6 na kitu. Utaona mara moja kwamba anayekuambia "kila gari hubaki na kilomita 80" hajui asemalo. Gari moja linaweza kwenda 80 na lingine likalala kwenye 45.

Tena boya huelea. Ukipanda mlima mafuta hukimbilia nyuma, ukishuka hukimbilia mbele. Ndiyo sababu katika barabara ya Thika, ambayo huteremka kwenye mito na kupanda tena, taa inaweza kuwaka ukiwa kwenye mteremko na kuzimika ukifika tambarare. Usifurahi ikizimika. Hakuna aliyekuongezea mafuta. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa onyo.

Magari ya miaka ya karibuni yana kioo kinachoandika kilomita zilizobaki. Tarakimu hizo si uongo, lakini pia si ahadi. Kompyuta ya gari huchukua ulivyoendesha muda mfupi uliopita na kukisia kwamba utaendelea hivyo hivyo. Ukitoka barabara kuu ambako gari linatiririka, kisha ukaingia kwenye foleni ya malori Eneo la Viwanda wakati wa kubadilisha zamu, kilomita zilizoandikwa 50 zinaweza kuwa 30 bila wewe kusogea sana.

Pima mwenyewe

Kitabu cha gari ndicho chenye jibu sahihi, lakini wengi wetu tulinunua magari ambayo vitabu vyake vimeandikwa Kijapani, au havikuja kabisa. Usihofu. Unaweza kuijua akiba ya gari lako bila kitabu, ilimradi ujue ukubwa wa tangi. Huo muuzaji wa vipuri anayejua kazi yake anaweza kukutafutia kwa kutumia namba ya chasisi.

Siku taa itakapowaka na kubaki ikiwaka, nenda moja kwa moja kwenye kituo kilicho karibu. Egesha mahali palipo sawa. Jaza tangi hadi bomba lijizime lenyewe mara ya kwanza, na usimruhusu mhudumu kulazimisha matone zaidi. Soma lita zilizoingia. Tuseme ziliingia lita 36. Ondoa 36 kwenye 42, utabaki na 6. Hiyo ndiyo akiba yako siku hiyo.

Hapa pana mtego mmoja. Wakati mwingine bomba hujizima mapema kwa sababu ya povu, kabla tangi halijajaa. Ikiwa hivyo, utadhani akiba yako ni kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo rudia zoezi hili mara tatu katika miezi tofauti, kisha ushike jibu lililo dogo kuliko yote. Katika jambo hili, jibu dogo ndilo rafiki.

Ukishajaza, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Utakapojaza tena hadi bomba lijizime, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Hapo utajua lita moja hukufikisha wapi katika maisha yako ya kweli. Maneno ya aliyekuuzia gari yaweke kando.

Sasa rudi kwa jirani yangu. Akiba yake ni lita 6. Lita 2 kati ya hizo tusiziguse, na sababu nitakueleza sasa hivi. Zinabaki 4. Siku ya foleni gari lake linaweza kushuka hadi kilomita 10 kwa lita. Nne mara kumi ni kilomita 40. Hiyo ni safari moja tu ya kwenda na kurudi kazini. Kwa maneno mengine, taa ikiwaka asubuhi akiwa Ruiru, jioni hiyo hiyo anatakiwa awe kituoni.

Pampu inayooga petroli

Kwa nini lita 2 zisiguswe? Kwa sababu ya kifaa ambacho madereva wengi hawajawahi kukiona: pampu ya mafuta. Katika kabureta za zamani, pampu aghalabu ilikuwa kando ya injini na ilisukumwa na injini yenyewe. Ilipokosa mafuta ilipuliza hewa tu, na ukimwaga petroli maisha yaliendelea. Magari ya injekta tunayoendesha leo, karibu yote ya petroli, yana pampu ya umeme iliyowekwa ndani ya tangi lenyewe. Katika magari mengi madogo utaifikia kwa kuinua kiti cha nyuma.

Pampu hii si kubwa. Inaweza kutoshea kwenye kiganja. Ndani yake mna mota ya umeme inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ikisukuma petroli kwenda kwenye injini kwa shinikizo la karibu bar 3, ambalo ni kubwa kuliko upepo wa tairi la gari lako. Mota ya namna hiyo hupata moto, na hakuna feni ya kuipoza wala grisi ya kuilainisha. Kazi zote mbili hufanywa na petroli. Mafuta huingia upande mmoja, hupita katikati ya mota, huchukua joto lake, hulainisha sehemu zinazosuguana, kisha hutoka upande wa pili kwenda kuchomwa.

Sasa fikiria tangi limekauka. Pampu haijui. Swichi ikiwa imewashwa na injini ikijikongoja, inaendelea kuzunguka, ila badala ya mafuta inavuta hewa na mvuke. Joto halina pa kwenda. Brashi za kaboni na vibushi vinasuguana vikavu. Sekunde chache hazitaiua pampu nzima, lakini huacha kovu, na kovu juu ya kovu hufupisha maisha yake.

Nataka niwe mwadilifu hapa, maana yako maneno mengi mitaani. Taa kuwaka peke yake haiharibu pampu. Magari mengi yana bakuli dogo linaloizunguka pampu na kulishika petroli hata tangi likiwa chini. Ukiwa na lita 5 pampu bado inaoga. Hatari iko kwenye lita ya mwisho au mbili, wakati mafuta yanapopiga mawimbi kutoka ukuta hadi ukuta, na kila kona au mlima huiachia pampu ivute hewa kidogo. Ndipo injini inapokohoa. Kikohozi kile ndicho sauti ya pampu ikimeza hewa.

Utasikia pia kwamba mafuta yakipungua gari huvuta uchafu wa chini. Ukweli ni kwamba pampu huvuta kutoka chini siku zote, hata tangi likijaa. Ila maji na tope vikiwepo, katika lita 2 huwa vimekolea na kuvurugika kuliko katika lita 40, na kichujio cha mdomo wa pampu huziba upesi zaidi.

Yaliyompata jirani

Turejee kwenye mlima ule wa Ndarugo. Jirani yangu alifanya kosa ambalo wengi hufanya. Alipiga stata tena na tena, akitumaini gari litavuta tone la mwisho limfikishe kituoni. Kila mara alipofanya hivyo pampu ilizunguka ikiwa kavu. Kijana wa boda boda alimletea lita 2 za petroli. Kwa kuwa gari lilikuwa limeinama mlimani, lita hizo zilikimbilia pembe moja ya tangi, na ilibidi wapita njia wamsaidie kulisogeza mahali pa sawa ndipo likawaka. Alifika kazini saa tatu na nusu, meneja akimngoja.

Mwenyewe alikiri kwamba hiyo ilikuwa mara ya nne katika mwaka mmoja. Kiasi cha mwezi baadaye watoto waliokaa kiti cha nyuma walianza kulalamika kuna "mbu" anayelia chini yao. Ulikuwa mlio mwembamba usiokwisha. Kisha gari likawa gumu kuwaka mchana wa jua kali, lakini asubuhi likawaka vizuri. Mwishowe likakosa nguvu mlimani, kama mtu mwenye pumu. Siku moja likazimika katikati ya malori, hatua chache tu kutoka lango la kiwanda, na halikuwaka tena.

Fundi wa Thika aliyeitwa hakukimbilia kuuza pampu. Kwanza alitazama fyuzi, akabadilisha rilei, kisha akawasha swichi bila kupiga stata huku sikio lake likiwa kwenye kiti cha nyuma. Katika magari mengi, ukifanya hivyo utasikia pampu ikinguruma kwa sekunde mbili tatu, kisha kunyamaza. Safari hii hapakusikika kitu. Akagonga tangi kwa ngumi, pampu ikaamka kidogo, ikafa. "Mzee, huyu amechoka," alisema. Walipoitoa, brashi zilikuwa zimeliwa zikaisha.

Je, ni kukauka kulikoiua? Fundi hakuapa. Pampu iliyokuja na gari lililotumika huwa na umri wake, na petroli chafu nayo huchangia. Lakini alisema jambo ambalo jirani yangu hajalisahau: "Ungekuwa unaijaza mapema, labda ungezeeka nayo."

Kisha wakapiga hesabu ya mwisho. Tuseme bei ilishuka kwa shilingi 2 kwa lita. Katika kujaza lita 36 angeokoa shilingi 72. Pampu na kazi ya fundi vilimla maelfu ya shilingi, mbali na siku ya kazi iliyopotea. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Ukishakwama

Iwapo yatakupata, kumbuka kwanza kwamba injini ikizimika mwendoni usukani huwa mzito, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu. Washa taa za hatari, telemka taratibu hadi pembeni, na usikanyage-kanyage breki ovyo. Katika barabara yenye magari yanayokimbia kama hii yetu iliyofunguliwa 2012, hilo ni jambo la uhai kuliko pampu yoyote. Weka vibao vya pembetatu, na watoto washuke wakae mbali na lami.

Acha stata. Tafuta petroli kwenye mtungi maalumu wa mafuta, si chupa ya soda, na lita 5 ni bora kuliko 2. Ukishamimina, washa swichi bila kupiga stata, ngoja sekunde tatu, zima, rudia mara tatu au nne ili pampu ijaze mabomba. Ndipo upige stata, isizidi sekunde kumi kwa mara moja. Kisha nenda kituoni moja kwa moja.

Wenye dizeli wana msalaba mzito zaidi. Kwao hewa ikishaingia kwenye mabomba, kumimina mafuta peke yake mara nyingi hakutoshi. Ni lazima hewa itolewe, kwa kawaida kwa kubonyeza pampu ya mkono iliyo karibu na kichujio hadi iwe ngumu. Tena ile pampu yao ya shinikizo kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe, na bei yake inaweza kumfanya mtu auze ng'ombe.

Nakumbuka Aprili 2022, mafuta yalipoadimika kote nchini na foleni zikazunguka vituo. Wakati kama huo mtu hana hiari, na hakuna wa kumlaumu anayetembea na taa ikiwaka. Lakini waliokuwa na robo tangi siku uhaba ulipoanza walikuwa na siku kadhaa za kutafuta kituo chenye mafuta. Waliokuwa wakiishi kwa taa hawakuwa nazo.

Jirani yangu siku hizi hujaza geji ikifika robo, iwe tarehe 2 au tarehe 13. Juzi nilimkuta kituoni siku moja kabla ya bei kushuka, nikamtania kwamba amekuwa tajiri. Akacheka, akaonyesha kiti cha nyuma kwa kidole. "Yule mbu," alisema, "alinifundisha hesabu."

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.